Dada Bana na Video za Safari ya Mpishi

Jina la Dada Bana hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, na wateja wakishakubatiza, huna pa kukata rufaa. Kazi yake ilikuwa kubana video. Ukimpelekea video nene inayokula bando zima kabla hujafika katikati, anakurudishia ile ile ikiwa nyembamba, unaituma kwa shangazi, kwa shemeji, kwa nani sijui, na salio linabaki. Watu walimpenda kwa hilo. Nani asimpende mtu anayekuokolea bando?

Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la vipuri vya pikipiki. Ndani mlikuwa na meza moja, kompyuta ya zamani iliyokuwa ikivuma tangu asubuhi hadi jioni, feni inayogeuza shingo upande mmoja tu, na benchi la wateja. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba alichoishi na mama yake mzazi. Mama alikuwa na miguu mibovu, lakini masikio yake, we! Ukinong'ona kibandani jambo lolote, yeye anakujibu kutoka kitandani.

Mtu akija, Dada Bana humweleza kazi kabla hajaigusa, maana alichoka na watu wa kulalamika baadaye. "Video ni picha nyingi zinazopita mbio," husema. "Na kila picha ni vijiboksi vya rangi, vingi ajabu, vimepangwa kama vigae. Mimi nachukua vijiboksi hamsini na kitu vilivyokaa pamoja, navikoroga, natoa kimoja. Ndiyo maana inakuwa nyepesi. Kwenye kioo cha simu ndogo hutaona tofauti sana. Ila nikishakoroga, nimekoroga." Mteja huitikia ndiyo, ndiyo, huku akili iko kwenye bando.

Halafu huuliza swali lake. Hilo hakuliacha hata siku moja. "Kuna uso wa mtu wa maana humu?" Kama kuna bibi harusi, au mtoto anayetembea kwa mara ya kwanza, au marehemu, anapunguza kidogo tu, nyuso zibaki nyuso. Kama hakuna mtu, ni ng'ombe, ni mvua, ni mpira wa mtaani, basi anaishusha hadi mia na arobaini na nne, ngazi ya chini kabisa ya ubora wa picha, na mambo yanakwisha.

Na alikuwa na desturi nyingine, ambayo aliiona ni ujanja. Kwenye programu yake kulikuwa na kisanduku cha kuweka tiki: ukimaliza, futa ile ya mwanzo. Alikitia tiki zamani, hakukigusa tena. Diski yake ilikuwa imejaa hadi pomoni, kwa hiyo alifanya kazi juu ya kadi ya kumbukumbu ya mteja moja kwa moja. Ile nene inafutwa, ile nyembamba inabaki, nafasi inapatikana, na nafasi hiyo anaijaza chochote mteja anachotaka. Kukagua alikuwa anakagua mwisho, pamoja na mteja, ili mtu asije kesho kusema sauti haipo. Bana, jaza, kagua. Hivyo ndivyo alivyokula ugali wake miaka yote.

Sasa, yuko mdogo wake. Huyu naye tumwite kama walivyomwita nyumbani, Kitinda, maana alikuwa kitinda mimba. Dada Bana alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mwanawe. Kitinda alipokuwa mdogo alimwagikiwa uji wa moto, akabaki na kovu kwenye shavu la kushoto, limekaa kama jani lililokunjwa. Na alikuwa na namna yake ya kubeba mzigo: bega la kushoto linapanda, kichwa kinalala kulia, kama mtu anayesikiliza ukutani. Wenzake walimtania, "Kitinda, gunia limekwambia nini leo?"

Alikwenda kutafuta kazi. Mwanzoni alipiga simu, akacheka, akasema mambo yatakuwa sawa. Kisha simu zikapungua. Kisha namba ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Hakukuwa na ugomvi, hakukuwa na taarifa ya ajali, hakukuwa na chochote cha kushika. Kwenda polisi walikwenda. Waliambiwa mtu mzima ana haki ya kuzima simu yake. Mama alikataa kufanyiwa mazungumzo yoyote ya kumfariji. "Mnanifariji nini?" aliuliza. "Kuna mtu amekufa hapa?"

Basi siku moja akaja Mpishi. Huyu mama alipika kwenye shule ya jirani, mikono minene, kicheko cha kuziba barabara, mteja wa siku nyingi. Alikuwa ametoka kumtembelea dada yake mbali huko, safari ya basi ya kuumiza mgongo, na njia nzima alirekodi dirishani kwa simu nzuri aliyonunuliwa na mwanawe. Kadi ikajaa.

"Mwanangu, nisaidie," alisema akijitupa kwenye benchi. "Nimemtumia mwanangu kipande kimoja tu, hata hakijafika, bando lake likaisha, kanipigia simu ananifokea mimi mama yake! Nibanie zote. Halafu nafasi itakayobaki nijazie yale mafunzo ya kupika keki, na kwaya. Jaza mpaka imwagike."

"Kuna uso wa mtu wa maana humu, mama?"

Mpishi alicheka. "Mtu gani? Barabara tu, na watu wa njiani. Hamna mtu humo."

Dada Bana akachomeka kadi, akachagua mia na arobaini na nne, akabonyeza. Video zikaingia foleni, moja baada ya nyingine, akazipa majina ya kazi: mpishi moja, mpishi mbili, na kuendelea. Nyembamba ikizaliwa, nene inafutwa. Mpishi akapiga soga za dada yake, na mama kule nyuma ya pazia akachangia. Kisha zikaingia keki. Kisha ikaingia kwaya. Kadi ikajaa hadi mdomoni kama alivyoagizwa.

"Haya, tukague," Dada Bana akasema.

Wakaangalia ya kwanza, sauti ipo. Ya pili, sauti ipo. Ya tatu basi limesimama kituoni. Kuna lori, kuna watu wanapakia magunia, nyuma yao kuna duka lenye kibao kirefu juu ya mlango. Mtu mmoja anainama, anachukua gunia. Bega la kushoto linapanda. Kichwa kinalala kulia.

Dada Bana aliinuka kwenye kiti. Mtu yule akatupa gunia kwenye lori, akajifuta paji la uso kwa mkono, akageuka. Akaangalia basi. Akaangalia dirisha lenyewe, kamera yenyewe, kwa muda wa kutosha kabisa kumjua ndugu yako. Basi likaondoka.

Akairudisha, akaisimamisha pale pale, akaikuza. Alijua atakachokiona, na bado aliikuza. Pale palipokuwa na uso palikuwa na vijiboksi vichache vya kahawia, kimoja kimekolea, kingine kimepauka. Shavu la kushoto lilikuwa kijiboksi kimoja na nusu. Kilikuwa kimekolea kidogo. Kinaweza kuwa kovu. Kinaweza kuwa kivuli, jasho, vumbi la unga, chochote. Akahamia kwenye kibao cha duka, maana vibao vya maduka huandikwa jina la mahali. Maandishi yalikuwa yamekuwa uji.

"Vipi, mwanangu? Sauti haipo?" Mpishi aliuliza.

"Hapa ni wapi?"

"Wapi?"

"Hapa, mama! Basi liliposimama hapa, palikuwa wapi?"

Mpishi akasogeza uso karibu na kioo, akakunja macho. "Mmh. Basi lilisimama kila mahali. Mimi nilikuwa nalala, naamka, narekodi, nalala tena." Kisha akauona uso wa Dada Bana, na kicheko chake kikafa. "Kwani kuna nini? Nani huyo?"

Pazia likasogea. Mama alikuwa amesimama, yeye ambaye kusimama kulikuwa kazi ya asubuhi nzima. "Nani huyo?" akauliza naye.

Dada Bana alikuwa anahangaika na kadi. Aliitoa upesi kana kwamba inaungua, akaomba kompyuta ya jirani, akaweka programu ya kufufua vitu vilivyofutwa. Alijua vizuri kabisa kitu kikifutwa hakiondoki mara moja, hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na alijua vilevile alichoandika juu yake. Keki. Kwaya. Mpaka imwagike. Laiti angekagua kwanza! Laiti Mpishi angekuwa mvivu wa keki!

Programu ilichimba, ikachimba, ikarudi na makombo. Faili nyingi hazikufunguka. Moja ilifunguka sekunde chache: goti la Mpishi ndani ya basi, chupa ya maji, pindo la kanga. Ilikuwa safi jamani, safi mpaka uzi uliochomoka kwenye pindo ulionekana. Dada Bana aliuangalia ule uzi akalia kwa hasira. Goti limepona, mdogo wake hakupona.

Alitafuta walau tarehe na saa, maana simu ikirekodi huandika ndani ya video ilirekodiwa lini, na nyingine huandika hata mahali. Lakini hiyo nayo ilikuwa ndani ya ile nene. Nyembamba ilionyesha saa aliyoitengeneza yeye, pale pale kibandani. Ukiiuliza ile video ilizaliwa wapi, ingesema imezaliwa mikononi mwa Dada Bana. Kile kipande alichotumiwa mtoto wa Mpishi? Aliulizwa siku ile ile. Mpishi alisema kilikuwa cha daraja na mto, na hata hicho hakikufika.

Mpishi alilia kuliko mwenye msiba. "Mimi ndiye niliyesema hamna mtu," alirudia. "Mdomo wangu huu!" Dada Bana akajikaza, akamwambia si kosa lake, angejuaje. Na ni kweli, angejuaje? Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo, Mpishi alipokuja kupunguziwa video zake nyingine, walikuwa wanazungumza kwa adabu kama wakwe.

Kulikuwa na fundi kijana mtaa wa pili aliyejisifu kuwa ana programu ya kusafisha picha. Dada Bana akampelekea. Fundi akabofya, wakasubiri, na kweli uso ukatokea, uso mzuri wenye macho, pua na meno meupe. Moyo wa Dada Bana ukamruka, kisha ukatua vibaya. Yule hakuwa Kitinda. Hakuwa mtu yeyote. Akabofya tena kwenye picha ile ile, akatokea bwana mwingine, mnene zaidi.

"Inabuni," fundi akasema kwa aibu. "Kisichokuwepo, dada, inakibuni. Inakisia tu mtu anavyokuwa."

"Hata mimi nakisia," Dada Bana akajibu, akachukua simu yake akaondoka.

Nyumbani mama hakuwa na shida yoyote. Alikuwa ameamua tangu dakika ya kwanza. Video iliwekwa kwenye kisimu chake, naye akaitazama baada ya kila mlo kama dawa. "Amenenepa kidogo," alikuwa anasema. "Anakula. Ona anavyotuangalia, mwanangu masikini, anajua ni sisi."

"Mama, hatuna hakika."

"Wewe ndiye huna hakika. Mimi nimemzaa."

Dada Bana akakusanya vyombo. Angesema nini? Aseme siye, amuue mtu mara ya pili? Aseme ndiye, halafu amtoe wapi? Kuna siku alitamani mama asiwe na furaha kiasi kile, akajichukia kwa kutamani.

Mwishowe akapiga moyo konde. Mpishi alikubali kukaa na mama, naye akapanda basi la njia ile ile. Akamwonyesha kondakta video. Kondakta, mtu mwema, aliitazama mara nyingi kuliko alivyohitaji. "Dada, nisikudanganye," akasema. "Lori, magunia, duka lenye kibao. Umenionyesha njia nzima."

Akashuka kituo baada ya kituo. Kila mahali alitafuta wapakiaji, akatoa simu. Kituo cha kwanza walisema, "Hapa! Hili si duka la mzee?" Akaruka kwa furaha. Wakamwita mzee, mzee akasema ndiyo, hilo ni duka langu, ila kijana huyo simjui. Kituo kilichofuata wakasema, "Hapa! Duka letu hili." Kilichofuata nacho hivyo hivyo. Kila kituo kilijiona kwenye ile video. Duka lilikuwa limekorogwa kiasi kwamba lilikuwa duka la kila mtu, na lori lilikuwa lori la kila mtu. Kituo kimoja mpakiaji alijiona mwenyewe. "Huyu ni mimi, dada," alisema, na hakuwa anatania. "Hata shati ninalo." Akaleta shati. Lilikuwa la kahawia. Dada Bana alimwangalia anavyobeba gunia, bega la kulia, kichwa wima. Hakuwa yeye. Au labda ndiye aliyekuwa kwenye video, na Kitinda hajawahi kuwapo humo. Alikaa juu ya gunia akashindwa hata kulia.

Alirudi amechoka mwili na roho. Aliposhika kazi, kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa tiki kwenye kile kisanduku. Lakini kompyuta ikajaa mara moja, wateja wakalalamika mbona unachelewa, mbona kadi zetu hazipati nafasi, umekuwaje? Akairudisha tiki. Afanyeje, na mama anataka dawa, na watu wanataka bando lisiliwe? Swali lake la uso wa mtu wa maana ndilo lililomshinda. Likifika mdomoni linakwama, naye huigeuzageuza kadi kwanza, kisha huuliza.

Wakati huo huo Mpishi, kwa kutafuta kulipa asichodaiwa, alikuwa ameituma ile video kwenye kila kundi alilomo kwenye simu, na namba ya Dada Bana chini yake. "Mnaomfahamu kijana huyu, pigeni." Watu wakaipakia upya mahali pengine, na kule programu zikaibana tena kwa namna zao. Wengine wakarekodi kioo cha simu kwa simu nyingine. Siku moja binamu mmoja wa mbali alimtumia Dada Bana ujumbe wa furaha: nimeona video, nadhani nimempata Kitinda! Akaifungua. Ilikuwa video yake yeye mwenyewe imerudi nyumbani, imekonda zaidi. Sasa kichwa kilikuwa vijiboksi viwili.

Hata hivyo simu zilizofuata alizipokea zote. Nyingi zilikuwa za matapeli na wenye huruma. Kisha asubuhi moja, kibanda kimetulia, mama anaitazama video yake nyuma ya pazia, simu ikaita. Alikuwa mwanamke mtu mzima.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye ile video ya lori?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umempata wapi mwanangu?"

Dada Bana hakuelewa. "Mwanao?"

"Huyo anayebeba gunia. Ni mwanangu. Namjua kwa mgongo wake, nimemtafuta nimechoka, leo jirani kanionyesha nikaanguka chini. Yuko wapi? Niambie tu niende."

Dada Bana alifungua mdomo aseme huyo ni mdogo wangu, huyo ni wetu. Hakuweza. Kwa ushahidi gani? "Mama," akasema polepole, "mwanao ana alama yoyote?"

"Ana pengo, jino la mbele halipo. Lakini hapa halionekani. Nimekuza, halionekani." Akavuta pumzi. "Huna iliyo wazi zaidi?"

"Sina, mama."

"Aliyerekodi je? Simu yake ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa nzuri sana."

"Sasa ilikuwaje?"

"Niliipunguza mimi. Ndiyo kazi yangu. Naipunguza isile bando."

Nyuma ya pazia mama alikuwa anamwambia kijana wa kwenye video yake kwamba amenenepa. "Lakini kwa nini huyu, mwanangu?" yule mwanamke akauliza taratibu. "Kwa nini uliipunguza na yeye yumo?"

"Niliuliza kama kuna mtu humo, mama," Dada Bana akajibu. "Nikaambiwa hamna."